Barua ya wazi: kampuni iliyo hai mmeiandika imekufa

Kwenu wasimamizi wa masjala za usajili, hifadhidata za taarifa za kibiashara na saraka za kampuni,

Kazi yangu ni kuhakiki wazabuni. Kabla ya malipo ya kwanza kutoka, ni lazima niandike kwenye jalada kwamba kampuni ipo, iko hai, na ndiyo hiyohiyo iliyosaini mkataba. Nafungua kurasa zenu moja baada ya nyingine, nalinganisha, nasaini. Mambo yakienda sawa, dakika 20 zinatosha. Kampuni ninayotaka kuwasimulia ilinichukua wiki 7, na muda wote huo ilikuwa imeshaleta mzigo na inasubiri pesa zake. Sitaitaja kwa jina, wala sitawataja ninyi, na namba nitakazotumia nimezibadilisha. Kilichotokea sijakibadilisha.

Nilikuwa na rekodi 6 mbele yangu. Masjala ya usajili ilisema kampuni iliandikishwa mwaka 2009, iko hai, ilibadili jina Machi 2019, na anwani yake ni ofisi ya wakili. Rekodi ya LEI, ile namba ya kimataifa ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 20, ilikuwa na jina la zamani na hali ya `LAPSED`. Hifadhidata moja ya ripoti za mikopo ya kibiashara ilisema kampuni ilifutwa mwaka 2016. Kisha zilikuwepo saraka 3 za mtandaoni. Zote zilionyesha ghala moja na simu moja ambayo haipokelewi, na mojawapo ilikuwa imeongeza kwamba biashara imefungwa kabisa. Ankara niliyokuwa nayo mkononi ilitaja ghala jingine ambalo halikuwepo popote kwenu.

Mkuu wangu alitazama jedwali langu akahesabu. Vyanzo vitatu vinasema imekufa, kimoja kinasema iko hai, viwili havisemi kitu. Akaniambia nizuie malipo. Simlaumu, tumelelewa na msemo kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Lakini kwenye taarifa za kampuni neno huharibika hasa penye wengi, na nitaeleza kwa nini.

Nilianza kwa kuacha kuuliza ni chanzo kipi kinasema kweli. Swali hilo lina lingine mbele yake: je, rekodi hizi 6 zote zinazungumzia kampuni moja? Jina halitoshi kujibu hilo. Majina hubadilika, hufupishwa, hutafsiriwa, na kampuni mbili zisizojuana zinaweza kufanana majina zikiwa katika masjala tofauti. Kinachotambulisha kampuni ni namba yake ya usajili ikiwa pamoja na masjala iliyoitoa. Namba peke yake haina maana zaidi ya namba ya nyumba isiyotajiwa mtaa.

Namba ya mzabuni wangu kwenye masjala ni `00012345`. Kwenye hifadhidata ya mikopo ilikuwa `12345`. Yeyote aliyewahi kufungua faili la namba ndefu kwenye programu ya majedwali anajua kilichotokea: programu iliona tarakimu tupu, ikadhani ni hesabu, ikaondoa sifuri za mbele. Haikutoa onyo lolote. Mtu akahifadhi faili, akalipakia, na sifuri hazikurudi tena.

Kama ingeishia hapo, ungekuwa usumbufu mdogo tu. Lakini katika masjala nyingine kabisa palikuwa na kampuni yenye namba `12345` halisi, isiyo na sifuri mbele, na jina lake likikaribiana na jina la zamani la mzabuni wangu. Mashine ya kulinganisha rekodi huondoa maneno kama "Limited" na alama za uandishi kabla ya kupima ufanano, na baada ya kuondoa hayo majina yote mawili yalibaki na maneno yaleyale mawili ya kawaida ya kibiashara. Namba sawa, jina karibu sawa: mashine ikaamua ni kampuni moja na kuziunganisha. Hiyo nyingine ndiyo iliyofutwa mwaka 2016. Mzabuni wangu alirithi kifo cha mtu asiyemjua.

Niligunduaje? Rekodi yenyewe ilijisaliti. Ilisema kampuni ilifutwa 2016, na hapohapo chini ilikuwa na hesabu za mwaka za 2020 na 2021. Maiti hawasilishi hesabu za mwaka. Nikatazama orodha ya wakurugenzi, nikamkuta mmoja ambaye hayumo katika historia yoyote ya masjala ya mzabuni wangu. Nikamfuata huyo, akanipeleka moja kwa moja hadi kampuni iliyofutwa. Tangu siku hiyo, nikikuta rekodi yenye tarehe ambazo haziwezi kufuatana, au wakurugenzi ambao hawajawahi kukutana katika jalada lolote, kwanza nashuku kwamba nina kampuni mbili ndani ya gunia moja. Nikishatenganisha magunia, mara nyingi "mgongano" unatoweka wenyewe.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa wenye hifadhidata. Hifadhini namba ya usajili kama maandishi, si kama hesabu, na msiiache itembee bila jina la masjala yake. Hili halihitaji uvumbuzi. Rekodi ya LEI tayari ina sehemu mbili zinazokaa pamoja: `RegistrationAuthorityID`, ambayo ni msimbo wa masjala, na `RegistrationAuthorityEntityID`, ambayo ni namba ya kampuni ndani ya masjala hiyo. LEI pia ina kinga ambayo namba nyingi za usajili hazina. Herufi zake zikigeuzwa kuwa tarakimu, A ikiwa 10 hadi Z ikiwa 35, namba nzima ikigawanywa kwa 97 lazima ibaki 1. Ukikosea tarakimu moja, hesabu inakataa. Haikuhakikishii kwamba kampuni ni ya kweli, ila inakwambia kwamba ulichoandika kimeharibika njiani. Sifuri iliyodondoka kwenye namba ya kawaida ya usajili haimwambii mtu chochote.

Na mkigundua mmeunganisha kimakosa, muwe na njia ya kutenganisha. Nilipowaandikia wahusika, nilijibiwa kwamba mfumo unaweza kuunganisha rekodi lakini hauna kitufe cha kuzirudisha. Wakaahidi "kusahihisha hali", yaani kuandika kuwa iko hai. Fikirini matokeo yake: sasa rekodi moja ingekuwa na kampuni mbili ndani, iliyokufa na iliyo hai, na zote zingeonekana hai. Nilikataa marekebisho hayo. Ni mara yangu ya kwanza kukataa kusaidiwa.

Tuje kwenye LEI, maana hapo kosa lilikuwa la ofisi yetu, ingawa namna mnavyoonyesha taarifa ilichangia. Mkuu wangu alisoma `LAPSED` akaelewa "imekufa". Maana yake siyo hiyo. LEI huhuishwa kila mwaka. Mwenye nayo asipoihuisha, usajili wa namba unakuwa `LAPSED`, na maana yake ni kwamba hakuna aliyehakiki taarifa hizo tangu muda ulipopita. Uhai wa kampuni yenyewe uko sehemu nyingine, `EntityStatus`, na kwenye rekodi yetu ilikuwa `ACTIVE`. Mzabuni alichukua LEI mwaka 2017 kwa sababu benki ilimtaka, akaihuisha mara moja 2018, kisha 2019 akabadili jina na aliyekuwa akishughulikia jambo hilo akaondoka. Jina la zamani likabaki limeganda pale. Halikuwa la uongo. Lilikuwa kweli ya 2018.

Tovuti zinazosambaza taarifa za LEI mara nyingi huonyesha neno moja tu la hali, kwa herufi kubwa na rangi nyekundu, bila kusema ni hali ya namba au hali ya kampuni. Wekeni zote mbili, mkaeleze kila moja kwa sentensi fupi. Kwa upande wa wenye LEI niwape haki yao: mtu yeyote, hata asiye mmiliki wa rekodi, anaweza kupinga taarifa iliyo kwenye rekodi bila malipo, na pingamizi linapelekwa kwa taasisi iliyotoa namba hiyo. Niliitumia njia hiyo. Nilibandika ushahidi wa kubadilika kwa jina kutoka masjala, na mambo yakaenda.

Kuhusu anwani, hapakuwa na mgongano wowote hata kidogo, ila ilinichukua muda kuliona hilo. Anwani ya masjala ni mahali ambapo barua za kisheria zinaweza kupelekwa zikahesabiwa zimefika. Kampuni nyingi huweka ya wakili au mhasibu wao. Anwani ya ghala ni mahali ambapo lori linapakia. Ukiuliza "anwani ya kampuni ni ipi?" utapata majibu mawili ya kweli, na ukilazimisha moja lishinde utapeleka hati ya madai ghalani au lori kwa wakili. Rekodi ya LEI hutenganisha `LegalAddress` na `HeadquartersAddress`. Saraka nyingi zina kisanduku kimoja kilichoandikwa "Anwani", na aliyejaza hakujua anaulizwa nini.

Palepale kwenye anwani ndipo nilipopata jibu la hesabu ya mkuu wangu. Saraka zote 3 zilikubaliana kuhusu ghala la zamani, na zote 3 ziliandika "Barabra" mahali pa "Barabara". Mwalimu anayesahihisha mitihani analijua hili. Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi lilelile, haithibitishi kitu. Wakikosea kosa lilelile, kwa herufi zilezile, amejua nani alikaa karibu na nani. Saraka zile hazikuwa mashahidi watatu. Walikuwa wanakili watatu wa shahidi mmoja, wote wakitegemea faili la msambazaji mmoja wa taarifa ambalo mara ya mwisho anwani hiyo iliguswa kabla ya kampuni kuhamia ghala jipya mwaka 2021. Mmoja wa wanakili alipiga simu, hakupokelewa, akaongeza "imefungwa kabisa". Hivyo ndivyo kuhama kulivyogeuka kuwa kifo.

Kwa hiyo kabla sijahesabu vyanzo sasa natafuta kwanza makosa yanayofanana: herufi iliyokosekana, nafasi ya ziada katikati ya namba ya simu, kifupisho cha ajabu. Vyanzo vinavyoshiriki kosa nahesabu kama kimoja. Baada ya hapo, kura kuhusu mzabuni wangu zilikuwa hivi: rekodi moja iliyochanganywa na kampuni nyingine, kweli moja ya 2018, nakala tatu za anwani moja iliyopitwa na wakati, na masjala. Hapakuwa na wengi wowote.

Msidhani basi kwamba naiabudu masjala. Kwa jina la kisheria, namba, tarehe ya kuandikishwa na kama kampuni ingali kwenye daftari, hakuna wa kuipita, kwa sababu kitendo cha kuandika ndicho kinachofanya jambo hilo liwe kweli. Lakini kwa mengine mengi masjala huandika kile kilicholetwa, na mara nyingi haitumi mtu kwenda kuangalia. Kati ya siku mkurugenzi anapojiuzulu na siku fomu inapofika pana pengo, na kampuni zembe hulirefusha. Kwa simu na mahali pa kazi, ningeiamini kampuni yenyewe kuliko msajili, mradi nijue nimezungumza na kampuni yenyewe.

Sharti hilo si dogo. Kwenye saraka nyingi za wazi mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko ya namba ya simu. Tapeli anayejua kwamba mhasibu atapiga simu kuthibitisha akaunti mpya ya benki anaanza kwa kubadilisha namba hiyo, kisha anatuma barua ya "tumebadili benki" na kukaa karibu na simu. Ndiyo maana sipigi namba niliyoiokota kwenye saraka kwa jambo la pesa, hata iwe imekubaliwa na saraka 10. Napiga iliyo kwenye mkataba wa awali. Wenye saraka, namba ya simu ikibadilishwa na mtu asiye mmiliki aliyethibitishwa, onyesheni hivyo kwa muda, pamoja na namba iliyokuwepo. Kwa sasa namba ya jana asubuhi inaonekana sawasawa na ya miaka 12.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo, kama mngenikubalia moja tu, ningechagua hilo. Wekeni tarehe kwa kila taarifa, si kwa rekodi nzima. Saraka ya pili niliyoifungua ilikuwa na maneno "Imesasishwa wiki hii" juu kabisa. Nilipouliza, kilichosasishwa kilikuwa aina ya biashara. Mashine ilikuwa imepanga upya makundi. Anwani iliyokuwa chini ya tarehe hiyo mbichi ilikuwa na umri wa miaka. Tarehe ya kupakia faili na tarehe ya kuhakiki ni vitu viwili, na mnaviandika kwa neno moja. Ninachohitaji kuona si kirefu:

```
anwani_ya_kazi:
  thamani: "Ghala jipya"
  kuanzia: 2021-06
  chanzo: kampuni yenyewe
  ilihakikiwa: 2023-02-14
anwani_ya_kisheria:
  thamani: "Ofisi ya wakili"
  kuanzia: 2009-09
  chanzo: masjala
  ilihakikiwa: 2023-02-20
```

Kwa mistari hii, kazi yangu ya wiki 7 ingekuwa ya asubuhi moja. Ningeona nani alisema nini na lini, na kama ninyi mlihakiki au mlinakili tu. Kama mlinakili, semeni mlinakili kwa nani. Si aibu. Najua wengine mtaniambia mikataba na wasambazaji haiwaruhusu kutaja chanzo. Basi angalau wekeni alama kwamba taarifa imetoka nje na haijahakikiwa nanyi, ili mtu asiwahesabu kama shahidi anayejitegemea.

Majina ya zamani nayo msiyafute. Jina la 2018 lililokaa bila tarehe lilikuwa tatizo. Jina hilohilo likiwa na "lilitumika hadi Machi 2019" ni ufunguo, kwa sababu mikataba ya zamani, ankara na hukumu zitaendelea kulitaja miaka mingi ijayo, na bila hilo hakuna atakayejua kwamba ni kampuni ileile.

Mwisho ni kurekebisha, ambako nilipoteza wiki 2 kwa ujinga wangu. Mzabuni alikuwa amekwisha kujaribu: aliingia saraka moja, akaweka anwani mpya, ikakaa vizuri, kisha baada ya mwezi na nusu ile ya zamani ikarudi. Akaiweka tena, ikarudi tena. Nami nilimwambia ajaribu mara ya tatu. Tulikuwa tunafuta maji sakafuni huku bomba liko wazi, kwani kila msambazaji anapopakia faili jipya saraka hufuata faili. Tulipoelewa, tulipanda juu ya mkondo. Kwanza tukahakikisha masjala iko sawa. Kisha LEI ikahuishwa kwa jina jipya, na namba ikabaki ileile, kwani LEI haibadiliki kampuni inapobadili jina. Kisha msambazaji akapelekewa barua yenye namba ya usajili, jina la masjala na ushahidi wa ghala jipya. Saraka tukaziacha mpaka mzunguko uliofuata wa kupakia. Mbili zilijirekebisha zenyewe bila sisi kuzigusa. Ile iliyoandika "imefungwa kabisa" ilibaki vilevile, maana hilo lilikuwa neno lao wenyewe na halikutoka kwenye faili la mtu.

Wenye saraka, mmiliki anaporekebisha jambo kwenu, lifungeni lisifunikwe na faili linalofuata mpaka mtu atazame. Na mrudishieni msambazaji taarifa kwamba faili lake linapingwa. Kwa sasa marekebisho huteremka tu, hayapandi.

Malipo yalitoka mwanzoni mwa wiki ya 8. Kwenye jalada niliandika kampuni iko hai, nikaambatanisha kurasa 6 na maelezo ya kwa nini 5 kati yake hazikutumika kuamua uhai huo. Rekodi iliyounganishwa bado haijatenganishwa ninapoandika barua hii. Ombi lipo kwenu, lina namba ya kumbukumbu, na lina masjala zote mbili zilizotajwa kwa misimbo yake. Hadi mtakapolifanyia kazi, mhakiki mwingine mahali pengine atafungua ukurasa uleule, na mzabuni wangu ataanza tena kuthibitisha kwamba hajafa.

Wenu katika kazi,
Mhakiki wa taarifa za wazabuni